Vidonge Visivyo na Jina

Kizazi changu kilikulia kwenye dawa zenye mwisho. Mtoto akishikwa na homa, mama alimbeba hadi zahanati, akapewa klorokwini: vidonge vinne kwa mtu mzima leo, vinne kesho, viwili keshokutwa, na kwa mtoto kipande chake kulingana na umri. Hata asiyejua kusoma aliijua hesabu hiyo ya nne, nne, mbili. Wala hapakuwa na haja ya kuandika jina juu ya klorokwini, kwa sababu hapakuwa na kidonge kingine kichungu namna ile. Ulimi wenyewe ulikitambua. Kidonda kikioza, ilikuwa sindano za penisilini kwa siku chache, ukimaliza unarudi shuleni ukichechemea. Tulichoagizwa siku zote kilikuwa kimoja: maliza dozi. Kumaliza ndiko kulikokuwa kupona.

Nilikuwa muuguzi hapa Tanga tangu ujana wangu hadi nilipostaafu, na sehemu kubwa ya kazi hiyo niliifanya nyuma ya dirisha la dawa. Dawa zilitufikia kwenye makopo ya vidonge elfu moja. Tulivimimina kwenye sinia ya kuhesabia, tukavisukuma vitano vitano, tukavitia kwenye bahasha ndogo ya kaki, na siku bahasha zilipokwisha, kwenye karatasi ya gazeti iliyosokotwa. Juu ya bahasha tuliandika 2x3 au 1x1. Jina la dawa mara nyingi halikuwepo. Mgonjwa alikuwa na dawa moja au mbili kwa siku tano, na aliyempa alikuwa palepale, akiulizwa atajibu. Watu waliondoka wakiwa na rangi vichwani: nyekundu ya kuongeza damu, njano ndogo ya wajawazito, kepsuli ya rangi mbili ya kifua na vidonda. Kwa dawa za siku tano, rangi ilitosha.

Watu hao ndio wazee wa leo. Wale mama waliotubeba, waliobaki hai, wana miaka themanini na kitu, na sisi tuliobebwa nasi tumezeeka. Malaria haikutumaliza, klorokwini yenyewe iliondolewa kwenye tiba ya malaria nchini Tanzania mwaka 2001, baada ya vimelea kuizoea, na baadaye ikaja dawa mseto, ambayo nayo ina mwisho wake wa siku tatu. Lakini kilichotusubiri uzeeni hakina siku tatu. Presha haimalizwi, sukari haimalizwi, moyo uliochoka haumalizwi. Unapewa vidonge vya mwezi, ukivimaliza unapewa vingine kama vile, na hakuna anayekuambia umepona. Nimewaona wazee wengi wakiacha dawa za presha baada ya wiki mbili kwa moyo mkunjufu kabisa, wakiamini wamefanya walichofundishwa: dozi wameimaliza.

Na waliozikubali dawa zisizo na mwisho waliingia nazo wakiwa na elimu ileile ya rangi, katika zama ambazo karibu kila kidonge ni kidogo, cheupe na cha mviringo. Tena dawa ileile hubadilika sura. Mwezi huu bohari ya hospitali imeleta ya kiwanda kimoja, mwezi ujao imeisha na familia inanunua mtaani ya kiwanda kingine, kutoka India, Kenya au Dar es Salaam. Amlodipini ya mwezi jana ilikuwa na mstari katikati, ya mwezi huu haina. Mzee aliyejifunza kwamba ya presha ni ile yenye mstari amebaki na elimu iliyokwisha muda wake, na hakuna aliyemwambia.

Katika hali hiyo ndipo watoto wetu walipoleta kiboksi.

Msomaji amekiona: kiboksi cha plastiki chenye vijumba saba, kimoja kwa kila siku, au kumi na vinne kama kuna vya asubuhi na vya jioni. Kila kijumba kina kifuniko chake. Zamani vilikuja kwenye masanduku ya watoto walioko ng'ambo, pamoja na manukato na sweta. Siku hizi vinauzwa kwenye maduka makubwa ya dawa mjini. Ni chombo chema na ninakisifu bila kusita. Kwa mzee asiyekumbuka kama amemeza asubuhi, kijumba kitupu ni jibu. Kwa mtoto anayepiga simu kutoka mbali, swali la "Mama, umefungua cha leo?" hujibika. Lakini kiboksi kina sharti ambalo halikuchapwa popote juu yake: kidonge kinapotoka kwenye paketi yake na kuingia kwenye kijumba, kinaacha jina lake nyuma. Kuanzia hapo jina linakaa kichwani mwa mtu aliyekijaza. Mtu huyo akisafiri, akiugua au akifa, nyumba inabaki na vidonge ambavyo hakuna anayevijua.

Nilishuhudia jambo hilo kwa karibu kwenye nyumba ya jirani yangu, na nitalieleza hatua kwa hatua kwa sababu wengi watakutana nalo.

Bi mkubwa wa nyumba hiyo ana miaka 83. Ana presha na sukari vya muda mrefu. Aliyekuwa akimjazia kiboksi ni mke wa mwanawe, mwanamke mwema na mwangalifu, na kiboksi chenyewe kilitoka kwa binti anayefanya kazi Maskati. Binti huyo alipokuja likizo, wifi yake alilazimika kuondoka usiku uleule kwenda msibani, kijijini ambako simu hushika kwa bahati. Asubuhi binti akampa mama chai na vidonge vya kijumba cha siku ile, kama alivyoagizwa. Ilipofika saa nne na nusu nikasikia mlango unagongwa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini?"

"Mama analowa jasho na anaongea maneno hayashikani. Kaka anasema ni kawaida yake siku hizi, presha ikipanda. Lakini mimi sijawahi kumwona hivi."

Nilimkuta ameketi ukumbini, khanga imemgandamia mgongoni kwa jasho, mikono inatetemeka, ananiita kwa jina la dada yake aliyekwisha kufariki. Jasho la baridi, kutetemeka na kuchanganyikiwa kwa mtu anayetumia dawa za sukari ni dalili ambazo hazisubiri mjadala. Kifaa cha kupimia sukari kilikuwepo kabatini. Kilisoma 3.2. Chini ya 4, sukari imeshuka mno. Kwa kuwa alikuwa anaweza kumeza, tulimpa vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye glasi ya maji, tukangoja dakika kumi na tano, tukapima tena, ikapanda, ndipo akala uji na mkate. Angekuwa amezimia tusingemwekea kitu kinywani. Angekimbizwa hospitali vile alivyo.

Mama akiwa anakula na gari likitafutwa, nilimwambia binti alete vitu vitatu: kiboksi, daftari la kliniki, na kila kopo, mfuko au bahasha yenye dawa ndani ya nyumba ile, pamoja na vilivyofungwa kwenye pindo za khanga. Wazee wetu hufunga vidonge kwenye pindo la khanga kama wanavyofunga hela, na mara nyingi kilichopotea kinapatikana huko.

Kitu cha kwanza ni kile ambacho hatukufanya. Hatukumwaga vidonge vya kiboksi pamoja mezani. Jinsi vilivyopangwa ndani ya vijumba ni ushahidi, na ukivichanganya umeupoteza. Binti alifungua vifuniko vyote, akapiga picha kwa simu kutoka juu. Kisha tukachukua sahani nyeupe, tukakaa dirishani penye mwanga wa jua, kwa sababu taa ya ndani hufanya waridi na rangi ya maziwa zionekane moja. Tukatoa kijumba kimoja kimoja, tukahesabu, tukaandika, tukarudisha.

Daftari la kliniki, ukurasa wa mwisho, lilitaja dawa tano. Asubuhi: amlodipini, losatani, metfomini na aspirini ndogo. Jioni: metfomini tena, na atovastatini ya lehemu. Kwa hiyo kijumba cha asubuhi kilipaswa kuwa na vidonge vinne, na cha jioni viwili. Vya jioni vilikuwa sawa, viwili kila siku. Vya asubuhi vilikuwa vitano. Na havikuwa vitano siku moja tu, kwamba mkono uliteleza. Kila asubuhi iliyobaki ilikuwa na vitano. Hesabu hiyo peke yake, kabla hatujajua jina la kidonge chochote, ilikuwa imesema jambo kubwa: kuna dawa ya ziada, na aliyeiweka aliiweka akiamini imeandikwa.

Kilichofuata ni kuwatafuta wenyeji ili mgeni abaki peke yake. Kidonge kinachoonekana asubuhi na jioni vilevile lazima kiwe ile dawa ya mara mbili, yaani metfomini, na sura ilikubali: kikubwa, cheupe, chenye ile harufu ya samaki ambayo wanaoitumia wanaijua. Cha jioni kilichobaki kilikuwa cha umbo la yai, na kilifanana kwa kila kitu na atovastatini iliyokuwa bado kwenye paketi yake. Losatani ilikuwa na ganda la kijani, aspirini ganda la waridi, na paketi zao zote mbili zilikuwepo. Tulibaki na vidonge viwili vidogo vyeupe vya mviringo. Kimojawapo ni amlodipini. Kingine ndicho mgeni.

Hapa ndipo watu wengi hukosea, wakavitazama viwili hivyo na kuamua kwa macho. Huko Marekani sheria inataka kidonge kichapwe alama itakayokitambulisha, na ukikiokota sakafuni unaweza kukijua kwa herufi zake. Vingi vinavyouzwa kwetu vina mstari tu au havina kitu. Hata herufi zikiwepo, mara nyingi ni za kiwanda, hazitaji dawa. Picha za mtandaoni ni za vidonge vya nchi nyingine na zitakupoteza. Sura ya kidonge inaweza kukufanya ushuku. Haiwezi kukupa uhakika. Uhakika hutoka kwenye paketi.

Tuligeukia kopo la biskuti ambamo wifi alihifadhi dawa. Mlikuwa na paketi nzima za zile dawa tano, na chini kabisa, kipande cha paketi kilichokatwa kwa mkasi. Duka la dawa linapouza vidonge kumi kati ya thelathini hukata paketi, na jina lililochapwa mgongoni hukatika nalo. Kipande hiki kilibaki na herufi chache, AMIDE, na chini yake 5 mg. Ndani yake kulikuwa na vidonge viwili vya yule mgeni.

Nilimweleza binti kwa nini herufi hizo peke yake hazikutosha. Kuna indapamidi, dawa ya presha inayokojoza, ambayo nayo jina lake huishia hivyo. Kuna klopropamidi ya zamani ya sukari. Na kuna glibenklamidi. Lakini indapamidi huja kwa miligramu moja na nusu au mbili na nusu, klopropamidi kwa mamia. Kati ya hizo tatu, ya miligramu 5 ni glibenklamidi, dawa inayoshusha sukari. Tukafungua kurasa za nyuma za daftari. Ilikuwepo: glibenklamidi, moja asubuhi, imeandikwa miezi ya nyuma. Ziara moja baadaye imepigwa mstari mmoja mwembamba, na pembeni daktari ameandika neno moja ambalo hata mimi niliyezoea miandiko yao nililisoma kwa shida. Imesimamishwa. Mtu mwingine angeuona mstari ule kama wa kusisitiza. Wifi mtu aliendelea kununua na kuweka, kwa uaminifu, kila asubuhi, dawa ambayo daktari aliiondoa.

Hospitali mfamasia alivitazama vyote vitatu pamoja, kidonge, kipande cha paketi na daftari, akathibitisha. Bi mkubwa alilazwa hadi kesho yake. Hilo liliwashangaza ndugu, kwa kuwa alikuwa amekwisha kuchangamka na anaomba kwenda nyumbani. Lakini glibenklamidi haitoki mwilini upesi, hasa kwa mzee. Figo zikichoka, dawa na masalia yake yenye nguvu huendelea kukaa na kuisukuma kongosho itoe insulini hata kama tumboni hakuna chakula. Unaweza kuipandisha sukari saa tano asubuhi, ikashuka tena usiku watu wamelala. Orodha ya Dawa Muhimu ya Shirika la Afya Duniani inasema wazi kwamba glibenklamidi haifai kwa watu waliozidi miaka 60, na dawa ya jamii hiyo inayoiorodhesha ni gliklazidi. Bado ni ya bei nafuu, bado imo madukani, na bado imo kwenye vikopo vya biskuti vya wazee wengi wa umri wa jirani yangu, wengine wakiinywa asubuhi kwa chai ya rangi na kipande cha muhogo, wengine wakitaka kufunga Ramadhani nayo. Mwenye mzee anayeitumia amuulize daktari katika ziara inayofuata. Asiisimamishe kimyakimya nyumbani, lakini aulize.

Lililonikaa moyoni kuliko yote ni ile sentensi ya kaka mtu: ni kawaida yake siku hizi. Kwa wiki kadhaa mama alikuwa akilowa jasho na kupoteza maneno saa zilezile za kabla ya adhuhuri, na nyumba nzima iliupa uzee lawama. Dalili inayokuja kwa saa, baada ya vidonge, siku baada ya siku, haitoki kwenye umri. Mzee anayechanganyikiwa asubuhi na kuwa mzima jioni, anayepata kizunguzungu kila akiinuka baada ya dawa, anayelala mchana kutwa tangu kiboksi kilipoanza kujazwa na mtu mpya, huyo kwanza apekuliwe dawa zake.

Binti aliuliza swali ambalo kila anayeuguza huuliza. "Shangazi, hivi vingine tumevijua. Hii metfomini na losatani, si tuvirudishe tu? Zimenunuliwa kwa pesa." Nilimjibu hapana. Vilivyomo kwenye paketi zenye jina, vyake. Vilivyokwisha kutoka, tukavitia kwenye mfuko tukampa mfamasia avitupe. Tuliyoyafanya dirishani yalikuwa ya kumtafuta mgeni, na kwa kazi hiyo dhana inatosha kwa sababu inaishia kwa mfamasia. Kumlisha mtu ni kazi nyingine. Kwenye hewa yetu ya pwani, tena, kidonge kilichokaa wazi huanza kuharibika: aspirini ikifikiwa na unyevu hunuka siki, na dawa ya kifafa ya valpoeti hulainika ikiachwa nje ya karatasi yake. Nyingine hazipaswi kuonja kijumba hata siku moja, kama ile ya kuweka chini ya ulimi kwa maumivu ya moyo, ambayo hubaki kwenye chupa yake ya kioo hadi inapohitajika.

Wapo wanaodhani wametatua tatizo kwa kukata paketi vipande na kuweka kidonge na karatasi yake ndani ya kiboksi. Kwa mgonjwa anayeona vizuri na mwenye akili timamu, sawa. Kwa mzee wa macho mazito ni hatari. Wapo wanaokimeza kipande kizima na karatasi yake ya fedha, ncha zake zikakata koo.

Na je, kiboksi kikiwa na vidonge visivyojulikana na aliyejaza hapatikani, mzee akae bila dawa? Inategemea ni dawa gani zilizoandikwa daftarini. Amlodipini hukaa mwilini zaidi ya siku moja. Kuikosa leo ukaipata kesho mchana kutoka kwenye paketi mpya si msiba. Lakini kama daftari linataja dawa ya kifafa, predinisoloni ya muda mrefu, dawa ya kuzuia damu isigande, au zile za moyo za jamii ya atenololi, hizo hazikatizwi ghafla, na mwuguzaji aondoke siku hiyohiyo kwenda kwa daktari au mfamasia na daftari mkononi. Kumpa mzee kidonge usichokijua ili tu asikose dawa ni hatari kubwa kuliko kuchelewa kwa nusu siku.

Jioni ya siku ya pili Bi mkubwa aliporudi, nilikaa naye. Nilimuuliza kama hakuona kwamba vidonge ni vitano na daktari alimwambia vinne. Akanitazama kwa upole wa watu wa umri wake. "Mwanangu," akaniambia, nami nina wajukuu, "mimi nameza ninachopewa." Hakusema kwa unyonge. Alisema kama mtu anayetaja adabu yake. Watu hawa walikabidhi watoto wao kwa mganga wa zahanati bila kuuliza jina la sindano, na watoto walipona. Utii wao ulijaza vijiji watu wazima. Siwezi kuudharau, kwa kuwa mimi ni mmoja wa waliobaki hai kwa sababu yake.

Lakini utii ule ulikuwa na mtu upande wa pili. Aliyetoa dawa aliijua, alimjua mgonjwa, na siku ya sita kila kitu kilikuwa kimekwisha. Mzee wa leo anatii mlolongo wa watu wasioonana: daktari wa kliniki ya sukari, mwingine wa moyo, muuzaji wa duka la dawa aliyekata paketi, mkwe aliyejaza kiboksi, binti aliyefungua kifuniko. Kila mmoja ameshika kipande, na anayemeza ndiye pekee aliyepo tangu mwanzo hadi mwisho. Na yeye alifundishwa asiulize. Watoto nao wanaona aibu kumhoji mama juu ya mwili wake, au kumkagua wifi ambaye ndiye anayebeba mzigo wa kila siku wakati wao wanatuma hela kwa simu. Ukimya huo tunauita heshima pande zote. Mimi nasema heshima ya kweli kwa mama huyu ni kumsomea majina ya dawa zake kila mwezi, polepole, hadi ayajue kama alivyoijua nne, nne, mbili. Ana akili ya kutosha. Aliweza kukumbuka deni la kila mteja wa maandazi yake bila daftari; atakumbuka majina matano.

Kiboksi cha nyumba ile sasa kinajazwa Ijumaa baada ya swala, mezani, Bi mkubwa akiwepo, watu wawili wakiwa pamoja: mmoja anasoma kutoka daftarini, mwingine anatoa kwenye paketi. Vifuniko vilikuwa na herufi S, M, T, W, T, F, S, na kwa kuwa kuna S mbili na T mbili, na mama huanza wiki yake Jumamosi, binti alibandika plasta nyeupe juu ya kila kimoja na kuandika siku kwa Kiswahili. Chini ya kiboksi amebandika karatasi: jina la dawa, nguvu yake, ya nini, inafananaje mwezi huu, na nani amejaza. Paketi inayotumika haitupwi hadi kidonge chake cha mwisho kimemezwa. Dawa ikipigwa mstari kliniki, inatolewa kwenye kopo siku hiyohiyo.

Ewe unayemuuguza mama au baba, usisubiri jasho la saa nne na nusu. Leo jioni chukua kiboksi chake, daftari lake la kliniki na kila kipande cha paketi kilichomo nyumbani. Hesabu vidonge vya kesho asubuhi na vilinganishe na ukurasa wa mwisho wa daftari. Vikizidi au vikipungua hata kimoja, mpeleke kwa mfamasia na vitu vyote hivyo kabla hajameza.